Upigaji picha wa sayari-nje kwa koronagrafu

Upigaji picha wa sayari-nje kwa koronagrafu ni mbinu ya astronomia ambamo mwanga wa nyota huzibwa ndani ya darubini ili sayari iliyo kando yake ionekane kama nukta ya pekee kwenye picha. Mbinu hii ni tofauti na njia nyingi za kutafuta sayari-nje, ambazo haziioni sayari yenyewe bali athari yake kwa nyota: nyota hufifia kidogo sayari inapopita mbele yake, au huyumba kidogo kwa kuvutwa nayo. Maelfu ya sayari-nje yamejulikana kwa njia hizo. Zilizopigwa picha ni makumi tu, na karibu zote zinafanana: ni majitu ya gesi yenye masi kubwa kuliko Mshtarii, yaliyozaliwa makumi ya mamilioni ya miaka iliyopita, na yanayozunguka mbali na nyota zao. Makala hii inaeleza jinsi picha hizo zinavyopatikana na sababu ya kufanana huko, hasa kwa mfano wa nyota HR 8799.

## Ugumu wenyewe

Mtu anayetaka kuona kandili iliyowashwa kando ya taa za lori usiku huinua mkono na kuziba taa. Wazo la koronagrafu ni hilohilo, lakini tofauti ya mwanga ni kubwa mno. Mshtarii huakisi takriban sehemu moja tu kwa bilioni ya mwanga unaotolewa na Jua. Dunia yetu, ambayo ni ndogo zaidi, huakisi sehemu moja hivi kwa bilioni kumi.

Tena sayari na nyota hukaribiana sana angani zikitazamwa kutoka mbali. HR 8799 iko umbali wa takriban miakanuru 133. Mtazamaji aliyeko huko angeona Mshtarii na Jua vikiachana kwa sekunde ya tao 0.13 tu, na sekunde ya tao ni sehemu moja ya 3600 ya digrii. Pembe hiyo ni sawa na upana wa sarafu ya sentimita 2.5 inayotazamwa kutoka kilomita 40.

Pembe peke yake si kizuizi. Darubini yenye kioo cha mita 8, ikitumia mwanga wa infraredi wenye urefu wa wimbi wa mikromita 1.6, inaweza kutenganisha vitu vilivyoachana kwa sekunde ya tao 0.04. Kizuizi ni jinsi mwanga wa nyota unavyosambaa. Mwanga ni mawimbi, na mawimbi yanapopita kwenye uwazi wowote hujipinda kwenye kingo zake, jambo linaloitwa difraksheni. Kwa sababu hiyo nyota haionekani kama nukta ndani ya darubini, hata kioo kikiwa kamili. Inaonekana kama kisahani kidogo kilichozungukwa na pete nyingi zinazofifia polepole kuelekea nje. Pete hizo ni hafifu kuliko nyota, lakini zina mwanga mwingi kupita sayari, na zinaangukia palepale sayari ilipo.

## Koronagrafu inavyofanya kazi

Kifaa hiki kilibuniwa na Mfaransa Bernard Lyot mnamo miaka ya 1930 na 1931 kwa kusudi jingine. Alitaka kuona korona ya Jua, yaani tabaka hafifu la nje la angahewa yake, bila kusubiri kupatwa kwa Jua. Alifaulu katika kituo cha Pic du Midi kwenye milima ya Pirenei, na jina la kifaa limetokana na kazi hiyo.

Sehemu ya kwanza ni rahisi kuelewa. Pale ambapo darubini inakusanya taswira ya nyota huwekwa kizibo kidogo cha mviringo kinachofunika kiini cha taswira hiyo. Sayari iko pembeni, hivyo mwanga wake hupita kando ya kizibo. Lakini kizibo peke yake hakitoshi, kwa sababu mwanga wa nyota hujipinda tena kwenye kingo zake na kuendelea mbele.

Ubunifu wa Lyot ulikuwa katika hatua ya pili. Aliweka lenzi nyuma ya kizibo ili kuunda upya taswira ya mlango wa darubini, yaani uwazi ambamo mwanga uliingilia. Katika taswira hiyo mwanga wa nyota uliobaki haukusambaa sawasawa, bali ulijikusanya kwenye ukingo kama pete angavu. Mwanga wa sayari, ambao haukuguswa na kizibo, ulijaza mlango wote. Hivyo ukiweka hapo bamba lenye tundu dogo kidogo kuliko taswira ya mlango, unakata ile pete ya nyota na kupoteza sehemu ndogo tu ya mwanga wa sayari. Kisha lenzi nyingine hukusanya mwanga uliobaki na kuupeleka kwenye kamera. Bamba hilo la pili huitwa kizuizi cha Lyot hadi leo. Koronagrafu za kisasa hutumia vizibo vya kila namna, vingine vya kioo kinachopindisha mawimbi kama kizingia badala ya kuyazuia, lakini hatua ya pili imebaki ileile.

Gharama yake ni kwamba chochote kilicho nyuma ya kizibo hakionekani. Kwa kawaida eneo lililopotea lina nusukipenyo cha mara mbili au tatu ya pembe ndogo kabisa ambayo darubini inaweza kutenganisha. Kwa darubini ya mita 8 iliyotajwa hapo juu, hiyo ni takriban sekunde ya tao 0.1. Ule Mshtarii unaotazamwa kutoka HR 8799 ungekuwa ukingoni kabisa mwa kizibo.

## Madoa yanayofanana na sayari

Hesabu ya Lyot hudhani kwamba mawimbi ya mwanga yanafika yakiwa yamenyooka. Kwa kweli hayanyooki. Angahewa ya Dunia huyavuruga mara mamia kwa sekunde, ndiyo maana nyota humetameta. Darubini kubwa husahihisha hilo kwa kioo chembamba kinachobadilishwa umbo na visukumio vidogo kwa kasi kama ya uvurugaji wenyewe. Bila marekebisho hayo, koronagrafu iliyo ardhini haina faida kubwa, maana nyota haitulii nyuma ya kizibo.

Hata baada ya hapo hubaki kasoro ndogo za vioo vyenyewe, za kiasi cha sehemu ndogo sana za mikromita. Kila kasoro hutupa kiasi kidogo cha mwanga wa nyota pembeni, na matokeo yake ni madoa mengi kwenye picha. Kila doa lina umbo na ukubwa uleule ambao sayari ingekuwa nao. Mtu hawezi kuyatofautisha kwa macho. Madoa haya ndiyo adui halisi wa kazi hii, na ni rahisi kwa anayeanza kudhani amegundua sayari kumi kwa usiku mmoja.

Njia ya kuyaondoa ni kutafuta kitu ambacho sayari hufanya na madoa hayafanyi. Darubini inapofuata nyota usiku kucha, uwanja wa anga huonekana kuzunguka polepole kwa sababu ya mzunguko wa Dunia. Kwa kawaida kamera huzungushwa ili kufidia. Wawindaji wa sayari huacha kufidia kwa makusudi. Madoa yanatokana na vioo, kwa hiyo hubaki mahali pamoja kwenye kamera. Sayari iko angani, kwa hiyo husogea kuizunguka nyota kutoka picha moja hadi nyingine. Kompyuta hukadiria sura ya madoa kutokana na mfululizo wote, huyatoa katika kila picha, kisha huzizungusha picha hadi kaskazini ilingane na kuzijumlisha. Madoa hufutika na sayari hujijenga. Mbinu hii iliendelezwa na Christian Marois na wenzake katika miaka ya 2000.

Ina udhaifu mmoja. Karibu na nyota, sayari husogea umbali mdogo sana kwenye picha, na kompyuta huweza kuihesabu kama doa na kuifuta pamoja na mengine. Ndiyo sababu watafiti huingiza sayari za bandia katika data zao na kupima ni ngapi zinazosalimika baada ya usafishaji. Picha isiyo na sayari haina maana yoyote mpaka ijulikane ni sayari ya mwangaza gani ambayo ingeonekana kama ingekuwepo.

## Mfano wa HR 8799

HR 8799 ni nyota katika kundinyota la Farasi, yenye masi ya takriban mara 1.5 ya Jua. Umri wake hukadiriwa kuwa miaka milioni 30 hadi 40. Dinosaria walipotoweka hapa duniani nyota hiyo ilikuwa haijazaliwa.

Mnamo Novemba 2008 kundi la Marois lilitangaza picha za sayari tatu zinazoizunguka, zilizopigwa kwa darubini za Gemini Kaskazini na Keck kule Mauna Kea, Hawaii. Sayari ya nne ilitangazwa mwaka 2010. Zimepewa herufi b, c, d na e kwa mpangilio wa kugunduliwa, na zipo kwenye umbali wa takriban vizio astronomia 70, 40, 25 na 16 kutoka nyota yao. Kizio kimoja ni umbali wa Dunia kutoka Jua. Ya ndani kabisa iko mbali kuliko Mshtarii, na ya nje iko mbali kuliko Neptuni.

Nukta tatu kando ya nyota bado si ushahidi wa sayari. Zinaweza kuwa nyota za mbali zilizoangukia mstari uleule. Kipimo cha kuamua ni mwendo: HR 8799 husogea angani kwa takriban sekunde ya tao 0.12 kila mwaka, nyota za mbali hazisogei kiasi hicho. Picha za miaka tofauti zilionyesha kwamba nukta zote zinaandamana na nyota, na juu ya hapo kila moja inasogea kidogo kuizunguka kwa upande mmoja. Sayari b huhitaji karne nne na zaidi kumaliza mzunguko, lakini usahihi wa vipimo unatosha kuona hatua yake ya mwaka mmoja.

Baada ya tangazo hilo, David Lafrenière na wenzake walirudi kwenye picha zilizopigwa na Darubini ya Anga-Nje ya Hubble mwaka 1998 kwa koronagrafu yake ya infraredi. Sayari b ilikuwemo. Ilikuwa imelala kwenye kumbukumbu miaka kumi, imefunikwa na madoa, kwa sababu njia za kuyaondoa zilikuwa hazijafika. Walioipiga picha ile hawakukosea katika upigaji. Mwanga walikuwa nao. Kisha mwaka 2010 wataalamu waliotumia sehemu ya kioo yenye upana wa mita 1.5 tu katika darubini ya Palomar huko Kalifornia, pamoja na koronagrafu ya kizingia, walifaulu kuziona b, c na d. Hapo ilionekana wazi kwamba kioo kikubwa si sharti la kwanza. Sharti la kwanza ni kudhibiti mwanga wa nyota.

Lakini sayari hizo zenyewe zilisaidia sana. Katika infraredi ya mikromita 1.6, sayari b ina takriban sehemu moja kwa laki moja ya mwanga wa nyota yake. Hiyo ni mara elfu kumi zaidi ya uwiano wa Mshtarii na Jua katika mwanga wa kawaida.

## Kwa nini majitu machanga tu

Sayari inaweza kung'aa kwa njia mbili. Inaweza kuakisi mwanga wa nyota, au inaweza kutoa joto lake yenyewe kama infraredi.

Njia ya kuakisi ina mtego. Mwanga unaoifikia sayari hupungua kwa kipeo cha pili cha umbali. Mshtarii ukihamishwa kutoka vizio 5.2 hadi vizio 40, alipo c wa HR 8799, utaakisi mwanga pungufu kwa karibu mara 60. Kwa hiyo sayari inayoakisi vizuri ni ile iliyo karibu na nyota, na iliyo karibu ndiyo inayofichwa na kizibo au kuzamishwa na madoa. Iliyo mbali iko wazi, lakini haina mwanga wa kutosha kuakisi.

Joto la ndani halina mtego huo, kwa kuwa halitegemei umbali kutoka nyota. Jitu la gesi huundwa kwa gesi nyingi kuanguka na kubanana kwa mvutano wake lenyewe, na nishati ya kuanguka huko hugeuka kuwa joto. Tofauti na nyota, sayari haina myeyungano wa nyuklia wa kuongeza joto jipya. Inachofanya ni kupoa na kusinyaa. Hata Mshtarii, baada ya miaka bilioni 4.5, bado unatoa joto zaidi ya lile unalolipokea kutoka Jua, ambalo ni salio la kuzaliwa kwake.

Sayari za HR 8799 bado zina jotoridi ya takriban Kelvini 900 hadi 1200. Tuchukue moja yenye Kelvini 1000 na kuiacha ipoe hadi Kelvini 300, jotoridi inayokaribia ile ambayo jitu la masi hiyo linatarajiwa kuwa nayo likifikia umri wa Jua. Kama tukiihesabu kama kitu cheusi cha kawaida bila kujali mawingu yake, mwanga wake hupungua hivi: kwenye mikromita 1.6 hupungua kwa takriban mara bilioni moja. Kwenye mikromita 3.8 kwa mara 7000 hivi. Kwenye mikromita 10.6 kwa mara 30 tu. Sababu ni kwamba kitu kinachopoa husogeza mwanga wake kuelekea mawimbi marefu, na katika mawimbi mafupi huzimika karibu kabisa.

Hesabu hiyo ndiyo jibu la swali. Darubini za ardhini hufanya kazi vizuri kwenye mikromita 1 hadi 4. Kwenye mikromita 10, angahewa, jengo la darubini na vioo vyake vyenyewe vinang'aa kwa joto lao kama kutazama nyota mchana. Kwa hiyo zilibaki na sayari zilizo moto, na sayari iliyo moto bila msaada wa nyota ni changa. Ukubwa unaingia kwa sababu jitu zito huanza na akiba kubwa ya joto na hupoa polepole. Sayari ya mawe mfano wa Dunia ina akiba ndogo, na eneo la uso wake ni chini ya sehemu moja ya mia ya eneo la Mshtarii. Hata ikiwa changa haifui dafu mbele ya madoa.

Lazima pia ikumbukwe kwamba watafiti wenyewe huchagua wapi pa kutazama. Uchunguzi mkubwa uliofanywa kwa vifaa vya GPI huko Gemini Kusini na SPHERE kwenye Darubini Kubwa Sana ya Paranal, nchini Chile, ulilenga nyota changa zilizo karibu nasi. Haifai kusoma orodha ya sayari zilizopigwa picha kana kwamba ni sensa. Matokeo ya nyota 300 za kwanza za GPI yalionyesha kwamba, kwa nyota zenye masi zaidi ya mara 1.5 ya Jua, ni takriban asilimia 9 tu zilizo na jitu la masi ya Mshtarii 5 hadi 13 kwenye umbali wa vizio 10 hadi 100. Mfumo kama HR 8799 ni wa nadra.

## Umri, masi na nukta za uongo

Picha hutoa mwangaza, haitoi masi. Masi hupatikana kwa kulinganisha mwangaza na mifano ya kupoa, na mifano hiyo huuliza kwanza umri. Jitu lenye masi ndogo lililozaliwa jana linaweza kung'aa sawa na jitu zito la umri mkubwa. Umri wa nyota ukikosewa, kinachoitwa sayari kinaweza kuwa kibete kahawia. Katika HR 8799 kuna njia ya kujihakiki: sayari nne zilizobanana hivyo zingevurugana na kutawanyika kama zingekuwa nzito mno. Zaidi ya hapo, kuyumba kwa nyota yenyewe, kulikopimwa na setilaiti za Hipparcos na Gaia, kumeipa sayari e masi ya karibu mara kumi ya Mshtarii bila kutegemea mwangaza wake.

Mfano wa tahadhari ni ule wa Fumu al Hutu. Mwaka 2008, mwezi uleule wa HR 8799, ilitangazwa nukta kando ya nyota hiyo iliyoonekana na Hubble katika mwanga wa kawaida. Ilisogea pamoja na nyota, hivyo ilipita kipimo cha mwendo. Lakini infraredi haikuiona, jambo la ajabu kwa jitu changa. Katika miaka iliyofuata ilipanuka na kufifia, na leo hueleweka kuwa wingu la vumbi, pengine la mgongano wa miili miwili midogo. Nukta inayoonekana katika mwanga wa kawaida na kukosekana katika infraredi inastahili mashaka tangu mwanzo.

## Mipaka inavyosogea

Darubini ya Anga-Nje ya James Webb iko nje ya angahewa na vioo vyake ni baridi, hivyo inaweza kutumia koronagrafu kwenye mikromita 10 na zaidi. Mwaka 2024 ilitangazwa picha yake ya sayari ya Epsilon Indi A, nyota iliyo miakanuru 12 tu kutoka kwetu. Sayari hiyo ina masi ya takriban mara sita ya Mshtarii, umri wa miaka bilioni kadhaa, na jotoridi ya karibu Kelvini 275, yaani kama maji yanayokaribia kuganda. Si changa tena. Kuwepo kwake kulishajulikana kwa kuyumba kwa nyota. Mwaka 2025 ilifuata nukta kando ya nyota changa TWA 7, ambayo ikithibitishwa itakuwa na masi inayolingana na ya Zohali. Mwaka huohuo Webb ilizipiga picha sayari za HR 8799 zenyewe na kupata alama za dioksidi ya kaboni katika angahewa zao.

Kwa hiyo neno "changa" limeanza kulegea, na "jitu" linashuka polepole. Mwanga wa kuakisi bado. Darubini ya Nancy Grace Roman ya NASA imetengenezewa koronagrafu ya majaribio yenye vioo vinavyobadilika umbo, na lengo lake la lazima ni kuona kitu chenye sehemu moja kwa milioni kumi ya mwanga wa nyota. Kutoka hapo hadi Mshtarii wa kawaida ni mara mia moja, na hadi Dunia ni mara elfu moja.